Monita inaandika No Signal au picha inakatakata: jinsi ya kujua kama kosa ni la waya, la tundu au la Hz

Kijana mmoja anayehariri video za harusi alinipigia simu usiku kutoka Kirumba, hapa Mwanza.

"Shikamoo fundi. Ile monita niliyoinunua, naona nimeuziwa kimeo."

"Marahaba mdogo wangu. Inafanyaje?"

"Nikichomeka laptopu inaandika No Signal. Nikichomoa na kuchomeka tena mara tatu nne, picha inakuja. Halafu inakuwa nyeusi, inarudi, inakuwa nyeusi tena. Kesho asubuhi naipeleka kwa aliyeniuzia."

Nilimwomba asiipeleke popote kabla sijaiona. Monita yenyewe ilikuwa mtumba, inchi 27, yenye pikseli 2560 kwa 1440 na uwezo wa kuchora picha mara 144 kwa sekunde, yaani 144 Hz. Nimeshaona monita nzima nyingi zikirudishwa dukani kwa dalili hizo hizo, mwenye duka anaichomeka kwenye kompyuta yake, inawaka vizuri, na ugomvi unaanza hapo. Mnunuzi hasemi uongo na muuzaji naye hasemi uongo. Kilichobadilika katikati yao ni waya.

Jambo la kuelewa kabla ya kugusa chochote ni hili. Ukichomeka monita, laptopu huisoma kwanza. Ndani ya monita kuna kumbukumbu ndogo inayoeleza ukubwa wa picha inaoukubali na Hz zake, na laptopu huisoma kupitia nyaya nyembamba zilizomo ndani ya waya huo huo wa HDMI. Laptopu hulinganisha maelezo hayo na uwezo wa tundu lake, kisha inakupa orodha ya unavyoweza kuchagua. Kwa hiyo monita imeulizwa, na tundu limeulizwa. Waya wa kawaida wa HDMI haukuulizwa chochote, kwa sababu hauna namna ya kujibu. Laptopu inaamini tu kwamba waya utabeba kila kitakachotumwa.

Ndiyo maana kanuni ninayoitumia kila siku ni fupi: Hz unayoitaka isipokuwepo kwenye orodha, chunguza tundu au adapta. Ikiwepo kwenye orodha lakini ukiichagua picha inakatika, chunguza waya. Hatua zifuatazo ni za kukufikisha mahali ambapo unaweza kuitumia kanuni hiyo bila kubahatisha.

Hatua ya 1: Soma maneno ya monita, kisha chomoa waya wa picha

Watu wengi husema tu "haionyeshi", lakini monita huandika vitu tofauti kwa matatizo tofauti. Ikiandika No Signal, maana yake imesikiliza kwenye tundu lililochaguliwa na haikupata picha inayoeleweka. Ikiandika Out of Range au Input Not Supported, hapo picha imefika, lakini kwa ukubwa au Hz ambazo monita yenyewe haiziwezi. Tatizo hilo la pili halihitaji waya mpya. Linahitaji ushushe mpangilio kwenye laptopu, na hatua ya 4 inatosha.

Sasa iache monita ikiwa imewashwa, uchomoe waya wa picha upande wa monita, uangalie maandishi yanayotokea. Kwa sekunde chache kabla haijalala, monita itachora ujumbe wake yenyewe bila msaada wa laptopu. Ujumbe huo ukitulia, kioo na taa zake za ndani ni vizima, na endelea na hatua zinazofuata. Ujumbe wenyewe ukicheza, ukififia au ukizimika hata bila waya, basi tatizo liko ndani ya monita au kwenye umeme wake, na hakuna waya wa HDMI utakaolitibu. Usilale haraka kwenye jibu hilo, lakini. Ichomeke kwanza moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, siyo kwenye ekstensheni yenye vitu vingine. Niliwahi kuitwa na karani mmoja pale Mwaloni ambaye monita yake ilizimika kila baada ya muda fulani na kurudi. Ilikuwa kwenye ekstensheni moja na friza ya samaki, na kila kompresa ilipoanza kuvuta umeme, monita nayo ilipoteza picha. Tuliihamishia soketi nyingine na tatizo likaisha.

Kama hata kwenye soketi yake ujumbe unacheza, mpelekee fundi wa vifaa vya umeme. Usiifungue mwenyewe. Sehemu yake ya umeme ina kapasita zinazoweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomoa plagi.

Monita ya kijana wa Kirumba iliandika No Signal kwa maandishi yaliyotulia kabisa. Nilimwambia pale pale kwamba hajauziwa kimeo.

Hatua ya 2: Hakikisha monita inasikiliza tundu sahihi

Hili huchukua nusu dakika na limewapotezea watu siku nzima. Nyuma ya monita kunaweza kuwa na HDMI mbili na DisplayPort moja. Ukiwa umechomeka kwenye HDMI 2 na monita imewekwa isikilize HDMI 1, itaandika No Signal hadi kesho. Bonyeza vitufe vya monita, tafuta Input au Source, na uchague tundu ulilochomeka kwa jina lake. Ipo pia Auto, lakini baadhi ya monita zikiwa kwenye Auto huzunguka haraka kutoka tundu hadi tundu na kulala kabla laptopu haijaamka. Mimi huchagua kwa jina.

Ukiwa huko nyuma, chomoa ncha zote mbili za waya na uzichomeke tena mpaka mwisho. Plagi ya HDMI haina skrubu wala kitufe cha kuishika, na ikilegea kidogo tu inaonekana kama imeingia. Hapa kwetu karibu na ziwa, kifaa kilichokaa muda mrefu bila kutumika huwa na vumbi, unyevu na mabaki ya wale wadudu wadogo wanaokuja kwa makundi usiku na kujipenyeza kila penye taa. Zima vyote, safisha tundu kwa brashi laini kavu, na usiingize sindano wala kitu chochote cha chuma. Ndani ya tundu la HDMI kuna miguu 19 ya shaba iliyobanana sana, na mmoja ukipinda umeongeza tatizo jipya juu ya la zamani.

Hatua ya 3: Iambie laptopu itume picha

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Itatokea orodha yenye PC screen only, Duplicate, Extend na Second screen only. Ikiwa kwenye PC screen only, laptopu haitumi picha nje, na monita ina haki ya kuandika No Signal. Kwa uchunguzi chagua Extend. Ninaipendelea kuliko Duplicate kwa sababu kwenye Duplicate kioo cha laptopu na monita hulazimika kukubaliana juu ya picha moja, na hapo utaona ukubwa na Hz ambazo si za monita yako.

Kama bado kimya, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo kitakuwa cheusi kwa sekunde moja hivi, draiva ya picha itaanza upya, na kazi uliyofungua haitafungwa. Isiposaidia, zima laptopu na monita, chomoa plagi ya monita ukutani kwa dakika moja, chomeka waya wa picha, washa monita kwanza, kisha laptopu.

Hatua ya 4: Shusha Hz, kisha panda ngazi moja moja

Hapa ndipo tatizo la kijana lilipojionyesha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fungua Settings, kisha System, kisha Display, kisha Advanced display. Juu ya ukurasa huo kuna sehemu ya kuchagua kioo. Chagua monita ya nje, kwa sababu watu wengi hubadilisha Hz za kioo cha laptopu bila kujua na kushangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Chini utaona Hz zinazopatikana. Chagua 60 Hz. Windows itakuuliza kama unataka kubaki na mpangilio huo, na usipojibu kwa sekunde 15 itarudisha wa zamani. Hii ni kinga nzuri: ukichagua kitu kinachoifanya monita kuwa nyeusi, kaa tu bila kugusa chochote, picha itarudi.

Anayetumia Linux yenye Xorg anaweza kufanya hivyo hivyo kwa amri. Ya kwanza inaonyesha majina ya matundu na orodha ya Hz, ya pili inachagua. Jina HDMI-1 libadilishe kulingana na utakachokisoma kwenye ya kwanza.

```
xrandr
xrandr --output HDMI-1 --mode 2560x1440 --rate 60
```

Nilipofika Kirumba nilikuta laptopu imewekwa 144 Hz. Kijana aliichagua siku ya kwanza, na ni haki yake, ndiyo sababu ya kununua monita ile. Windows huikumbuka monita, kwa hiyo kila alipochomoa na kuchomeka, ilirudi kwenye 144 ile ile.

Tukashusha hadi 60 Hz. Picha ikaja mara moja. Tukaiacha video ya harusi icheze dakika 20, na haikukatika hata mara moja. Usipime kwa dakika mbili, maana tatizo la aina hii linaweza kujificha kwa dakika tano na kurudi. Kisha tukapanda hadi 120 Hz. Picha ilikuja, lakini kwenye sehemu za giza za video tuliona vidoti vyeupe vinavyomulika na kupotea, na baada ya dakika tatu kioo kikawa cheusi kwa sekunde mbili, kikarudi. Mwisho tukaweka 144 Hz. No Signal. Sekunde 15 zikapita, picha ikarudi kwenye 120.

Angalia ngazi hizo. 60 imetulia, 120 inakatika, 144 haiji kabisa, na zote tatu zipo kwenye orodha. Laptopu imezikubali, monita imezikubali, na kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo picha inavyozidi kuharibika. Hiyo ni alama ya waya usioweza kubeba mzigo. Kama ingekuwa plagi iliyolegea au waya uliokatika ndani, hata 60 isingetulia, na ungeona picha ikipotea ukiutikisa waya karibu na ncha. Tuliutikisa ukiwa kwenye 60. Haikutokea kitu.

Hesabu ya mzigo

Unaweza kujua mzigo kwa kalamu. Zidisha upana wa picha kwa urefu wake, kisha kwa Hz. Kwa monita ile kwenye 60 Hz:

2560 × 1440 × 60 = 221,184,000

Hizo ni pikseli milioni 221 kila sekunde. Ongeza sehemu moja ya kumi, kwa sababu baina ya mstari na mstari na baina ya picha na picha kuna vipindi vifupi vinavyotumwa bila kuonekana. Unapata takriban milioni 243. Kwa 120 Hz unapata takriban milioni 487, na kwa 144 Hz takriban milioni 584.

Sasa linganisha na viwango viwili tu vya kukumbuka. HDMI 1.4, ya mwaka 2009, mwisho wake ni milioni 340. HDMI 2.0, ya mwaka 2013, mwisho wake ni milioni 600. Utaona mara moja kwamba 60 Hz inaingia popote, na kwamba 120 na 144 zinahitaji HDMI 2.0 kuanzia tundu la laptopu, kupitia waya, mpaka tundu la monita. Laptopu ya kijana ilionyesha 144 kwenye orodha kupitia HDMI, kwa hiyo tundu lake na la monita vilikuwa na uwezo huo. Waya wake ulitengenezwa kwa ajili ya ule mpaka wa milioni 340.

Hesabu hii ni ya rangi za kawaida za biti 8. Ukiwasha HDR, mpangilio wa kupanua mwanga na rangi za picha, mara nyingi laptopu hutuma biti 10 na mzigo huongezeka kwa robo. Milioni 584 ikiongezewa robo inavuka 600. Kwa hiyo kama monita yako imetulia kila siku na imeanza kukatika baada ya kuwasha HDR, izime kwanza kabla hujanunua chochote.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza malalamiko mengine ninayoyasikia sana, ya mtu aliyeunganisha laptopu na televisheni ya 4K na kuona mshale wa mausi unajivuta. Picha ya 3840 kwa 2160 kwenye 60 Hz ni takriban milioni 547 kwa hesabu hiyo. Laptopu yenye HDMI 1.4 haiwezi, kwa hiyo inaipa televisheni 30 Hz. Hakuna kilichoharibika. Ukishusha ukubwa hadi 1920 kwa 1080, 60 Hz itatokea kwenye orodha.

Hatua ya 5: Badilisha waya, lakini ujue unanunua nini

Waya wa kijana ulikuwa wa mita 5. Meza yake ya kazi iko dirishani na laptopu huikalisha kitandani, kwa hiyo alinunua mrefu ili uzunguke ukuta. Maandishi "4K" yalikuwa kwenye pakiti, naye aliyaamini. Tatizo ni kwamba 4K kwenye 30 Hz pia ni 4K, na waya wa milioni 340 unaibeba.

Urefu una gharama yake. Kadiri mawimbi yanavyotumwa kwa kasi zaidi ndivyo shaba inavyoyafifisha zaidi njiani, na kila mita unayoongeza huyafifisha tena. Yakifika yamechoka, monita inakosea kusoma pikseli moja moja, na hivyo ndivyo vile vidoti vyeupe. Makosa yakizidi inapoteza mpangilio wote, inazima picha na kuanza kuutafuta upya. Hizo ndizo sekunde mbili za giza. Ukiona vidoti, basi, usisubiri giza; tayari waya uko ukingoni.

Kwa 2560 kwa 1440 kwenye 144 Hz, au 4K kwenye 60 Hz, tafuta waya ulioandikwa Premium High Speed, au Ultra High Speed ambao ni wa juu zaidi, na usivuke mita 2 au 3. Ulioandikwa High Speed tu ulipimwa kwa mpaka wa HDMI 1.4. Unaweza ukawa mzuri kuliko jina lake, hasa ukiwa mfupi, lakini hakuna aliyekuahidi hivyo. Maneno "HDMI 2.0" yaliyochapwa kwenye pakiti hayana uzito huo, kwa sababu nyaya hupimwa kwa majina yale ya Speed. Nyaya halali za Premium na Ultra huwa na stika ya kuskani kwa simu.

Njia ninayoiamini kuliko stika ni kujaribu pale pale. Ukienda kununua katikati ya mji, beba laptopu yako, na kama unaweza beba na monita. Mwombe muuzaji aichomeke, weka Hz za juu kabisa, cheza video yenye giza jingi, na mzungumze mambo mengine kwa dakika kumi. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakasirika. Kama huwezi kubeba monita, patana naye kwa maneno kwamba utarudisha kesho ukikatika, kabla hujatoa hela.

Tulinunua wa mita 2 wa Premium. Laptopu ikahama kitandani, ikakaa mezani pembeni ya monita. Tukaweka 144 Hz, video ikacheza saa nzima bila kidoti.

Usiku wa kwanza, kabla ya waya kupatikana, nilimwacha kwenye 60 Hz na akamaliza kazi ya mteja. Video za harusi alizokuwa akikata zilirekodiwa kwa picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo hakupoteza chochote cha maana kwenye kazi ile. Ukikwama mahali ambapo waya mzuri haupatikani, kushusha Hz ni suluhisho halali la kufanyia kazi, siyo la aibu.

Hatua ya 6: Hz isipokuwepo kwenye orodha

Hapa waya hauna kesi. Angalia kwanza upande wa monita, kwa sababu mara nyingi matundu yake hayalingani. Zipo monita za 144 Hz ambazo hufikia hiyo 144 kwenye DisplayPort peke yake, na HDMI yake huishia chini. Kitabu chake, au ukurasa wa mtengenezaji kwa namba ya modeli iliyo nyuma, utakuambia kila tundu na kiwango chake.

Kisha angalia laptopu. Kama HDMI yake ni ya zamani lakini ina tundu la USB-C, huenda njia ipo. Tafuta alama ya radi, au herufi D na P zilizounganishwa, pembeni ya tundu. Alama hizo zina maana kwamba picha hupita hapo, na waya wa USB-C kwenda DisplayPort utakupa Hz ambazo HDMI iliyochoka haiwezi. Kusipokuwa na alama, soma kitabu cha laptopu kabla ya kununua, kwa kuwa matundu mengi ya USB-C ni ya data na chaji tu. Na kama monita yako nayo ina USB-C, usitumie waya wa kuchajia simu. Unaingia vizuri kabisa na laptopu inaweza hata kupata chaji, lakini nyaya za kubebea picha hazimo ndani yake, na monita itaandika No Signal.

Adapta ziangalie kwa mwelekeo wake. Adapta ya bei ndogo inayotoka DisplayPort ya laptopu kwenda HDMI ya monita hufanya kazi. Ukiigeuza, utoke HDMI ya laptopu kwenda DisplayPort ya monita, haifanyi kazi hata kama plagi zinaingia. Mwelekeo huo unahitaji kifaa chenye saketi ya kubadilisha mawimbi, na mara nyingi chenye waya wake wa umeme wa USB.

Na wale wenye monita za zamani za VGA, mama mmoja wa steshenari kule Igoma alikuwa na adapta ya HDMI kwenda VGA iliyokuwa ikipoteza picha mara kwa mara. "Baba, nimebadilisha hii kitu mara mbili," aliniambia. Adapta hizi zina saketi ndani, nayo inakula umeme inaoupata kutoka kwenye tundu la HDMI la laptopu, volti 5 zenye nguvu ndogo sana. Yake ilikuwa na kitundu pembeni cha kuchomeka umeme wa USB, na hakuna aliyewahi kumwambia ni cha nini. Tulikichomeka kwenye USB ya laptopu hiyo hiyo na picha ikatulia. Usitegemee zaidi ya 1920 kwa 1080 kwenye 60 Hz kutoka kwenye adapta za namna hiyo.

Kama ni mwanga tu unaopanda na kushuka

Kuna kucheza kwa aina moja ambako hakufanani na haya yote: picha haipotei, hakuna vidoti, ila mwanga unapanda na kushuka, hasa kwenye michezo au kwenye picha zenye kijivu cha giza. Kwenye menyu ya monita tafuta FreeSync au Adaptive Sync, uizime, na uangalie tena. Kipengele hicho hubadilisha Hz kila wakati kufuata kasi ya laptopu, na baadhi ya vioo hubadilika mwanga kila Hz zinapobadilika. Mwanga ukitulia baada ya kuizima, hakuna cha kununua.

Ule waya wa mita 5 kijana alitaka kuutupa. Tuliupeleka sebuleni kwa mama yake, tukauchomeka kati ya king'amuzi na televisheni ya 1920 kwa 1080 iliyotundikwa ukuta wa pili. Kwenye 60 Hz mzigo huo ni takriban milioni 137, na picha ilikaa vizuri.